Barua ya Mzee wa Muheza

Mzee alisoma barua ile mara mbili, kisha akaivua miwani yake na kuiweka juu ya meza. Barua ilikuwa imepigwa chapa vizuri, kwenye karatasi nzito, na chini kabisa kulikuwa na nafasi iliyoachwa kwa ajili ya sahihi yake. Kalamu ilikuwa tayari. Aliyeileta alikuwa amesafiri kutwa nzima kutoka Morogoro, akapitia Chalinze na Segera, ili tu apate sahihi hiyo na kugeuza kesho yake asubuhi.

"Mama Stoo," Mzee akamwita kwa jina la zamani la kazini, "stoo yetu ilikuwa na kompyuta?"

"Haikuwa nayo, Mzee."

"Sasa hapa nimeandika kwamba una uwezo mkubwa wa kutumia mfumo wa kielektroniki wa kusimamia mali za stoo. Niliuona wapi uwezo huo?"

Mwanamke akainamisha uso. Hakuwa ameiandika yeye. Ilikuwa kazi ya kijana mmoja wa steshenari mjini Morogoro, aliyemtoza shilingi 5,000. Kijana alichukua tangazo la kazi, akatazama sehemu ya sifa za mwombaji, akazigeuza moja baada ya nyingine kuwa sifa za Mama Stoo. Tangazo liliposema "awe na uzoefu wa kusimamia mnyororo baridi", barua ikasema "ana uzoefu wa kusimamia mnyororo baridi". Tangazo liliposema "awe mwadilifu na anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo", barua nayo ikaitikia vivyo hivyo, kama mwangwi wa mlimani.

Ni rahisi kumlaumu kijana yule, lakini alikuwa ameelewa nusu ya jambo. Alielewa kwamba barua ya mapendekezo haipaswi kuwa ile ile kwa kila kazi. Barua ya kwanza ambayo Mama Stoo alikuwa nayo, Mzee alimpa mwaka 2019, siku ya kuagwa kwake alipostaafu. Ilianza na maneno "KWA YEYOTE ANAYEHUSIKA" na ilisema kwamba mtajwa ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu na anayeshirikiana vizuri na wenzake. Maneno hayo yote yalikuwa kweli. Yangeweza pia kuandikwa juu ya dereva, mpishi, mlinzi wa getini au mwalimu wa chekechea. Mama Stoo aliitoa nakala na kuiambatisha kwenye maombi manne ya kazi, na mara zote nne hakuitwa hata kwenye usaili.

Safari hii kazi ilikuwa ya mtunza stoo katika ghala la dawa la shirika moja mjini Dodoma. Mshahara ulikuwa karibu mara mbili ya ule aliowahi kuupata. Mume wake alikuwa hana kazi ya kudumu, mtoto wa kwanza alikuwa anaingia kidato cha tatu, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

"Nipe hilo tangazo lenyewe," Mzee akasema.

Alilisoma kwa utaratibu ambao Mama Stoo aliukumbuka tangu zamani, wakati Mzee alipokuwa mkuu wa idara ya famasi katika hospitali moja ya misheni na yeye akiwa chini yake kwenye stoo ya dawa. Mzee hakuanza na sifa za mwombaji. Alianza na sehemu ya majukumu, kwa kuwa humo ndimo mwajiri anamosema mtu atashinda anafanya nini. Sifa huwa zinanakiliwa kutoka tangazo la mwaka jana. Majukumu huandikwa na mtu anayejua ni kitu gani kinamkosesha usingizi. Jukumu la kwanza lilikuwa kuhesabu dawa kila mwezi na kulinganisha hesabu na kumbukumbu, ili kuzuia dawa kuisha muda zikiwa stoo. La pili lilikuwa kutunza dawa zinazohitaji baridi. La tatu lilihusu kupokea na kutoa mizigo. Yaliyofuata yalikuwa madogo madogo, pamoja na lile la "kazi nyingine utakazopangiwa na mkuu wako", ambalo halikosi kwenye tangazo lolote nchini.

Mzee akaomba penseli kwa mjukuu. Kila sifa iliyotajwa akaiwekea alama. Aliyoiona kwa macho yake akaitia vema. Aliyoisikia kwa wengine akaichorea mstari. Asiyoijua kabisa akaizungushia duara. Sifa zilikuwa sita. Vema zikawa tatu, mstari mmoja, na maduara mawili. Moja la duara lilikuwa kompyuta.

"Hizi mbili zitanikosesha kazi, Mzee," Mama Stoo akasema. "Wanataka zote sita."

"Hizi mbili utajisemea mwenyewe. Cheti chako cha kompyuta si unacho?"

Alikuwa nacho, cha mafunzo ya miezi mitatu aliyoyasoma jioni baada ya kuacha kazi. Mzee akamwambia cheti hicho kinatosha kusema kilicho chake. Mdhamini husemea yale tu ambayo karatasi haziwezi kuyasema.

Hapa inafaa kueleza kidogo, maana watu wengi huchanganya karatasi hizi. Mfanyakazi anapoacha kazi Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri ampe cheti cha utumishi. Hiyo ni haki yake, si hisani. Mama Stoo alikipata chake, na kilithibitisha kwamba alifanya kazi hospitalini hapo kuanzia 2013 hadi 2020. Lakini cheti cha namna hiyo hakielezi alifanyaje kazi. Barua ya mapendekezo ndiyo inayoeleza, na hiyo hutoka kwa mtu anayekubali kwa hiari yake kusema anachokijua. Ndiyo maana uzito wake wote uko kwenye neno moja: aliona?

Basi wakaanza na jukumu la kwanza. Mzee alimuuliza Mama Stoo swali ambalo lilimshangaza. Hakumuuliza kama alikuwa hodari wa kuhesabu. Alimuuliza, "Unakumbuka siku gani ambayo kuhesabu kwako kulituokoa?"

Alikaa akafikiri. Alitaja mambo mawili matatu ya jumla, Mzee akayakataa. Mwishowe akakumbuka maboksi ya amoksilini, na Mzee akapiga kofi mezani kwa sababu naye aliyakumbuka.

Ilikuwa hivi. Hospitali ilikuwa imepokea msaada wa amoksilini, maboksi mengi kwa mpigo. Wakati wa kuhesabu mwisho wa mwezi, Mama Stoo alikuta yamebaki maboksi 60, na yote yalikuwa yanaisha muda baada ya miezi minne. Kwenye kadi ya stoo alitazama miezi iliyopita, akaona hospitali inatumia wastani wa maboksi 8 kwa mwezi. Minne mara nane ni 32. Maana yake, hata kama yangetoka yale tu na kuacha mapya rafuni, maboksi 28 yangeozea stoo. Hakungoja yaishe muda ndipo ayaandikie taarifa ya kuteketezwa. Alimwandikia Mzee nusu ukurasa, akiwa ameonyesha hesabu hiyo, akapendekeza 28 yapelekwe kwenye zahanati mbili za misheni hiyo hiyo zilizokuwa na upungufu. Yalipelekwa wiki ile ile.

"Hiki ndicho nitakachoandika," Mzee akasema. "Neno 'makini' silitumii hata mara moja. Wakisoma hesabu hii watalisema wenyewe."

Mtu asiyejua kazi ya stoo anaweza kuona ni jambo dogo. Mkuu wa ghala la dawa hatoliona dogo. Anajua kwamba kuhesabu maboksi 60 ni kazi ya mtu yeyote, ila kuutazama mwezi wa nne ukiwa bado mwezi wa kwanza ni kazi ya wachache. Anajua pia kwamba mdhamini aliyebuni hadithi hawezi kubuni 60, 8 na 28 zikakubaliana, halafu akaulizwa kwa simu na asibabaike.

Na simu hupigwa. Mzee alizipiga nyingi enzi zake, alipokuwa anaajiri watu. Alikuwa na desturi ya kumpigia mdhamini na kumwambia, "Nieleze tukio moja tu." Waliotia sahihi barua wasizoziandika walikuwa wanaanza kusema "ni kijana mzuri, ni kijana mzuri", na baada ya hapo kimya. Barua ya kijana wa steshenari ingemfikisha Mama Stoo hapo hapo, na mbaya zaidi ingemfikisha Mzee naye.

Bibi alileta chai na mihogo ya kuchemsha. Jua lilikuwa limeshaanza kuteremka nyuma ya michungwa. Wakaingia jukumu la pili, la dawa za baridi, na hapo maneno yakapungua.

Wote wawili walijua tukio ni lipi. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitaja.

Mwaka 2018, siku ya Ijumaa, umeme ulikatika hospitalini tangu saa sita mchana hadi karibu saa kumi. Uliporudi, kipimajoto cha friji ya dawa kilikuwa kinasoma nyuzi 13. Insulini hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Friji yenyewe ilikuwa ya kawaida ya nyumbani, yenye kile kisahani cha namba ndani kinachozungushwa ili kuongeza au kupunguza baridi. Mtu fulani alikizungusha hadi mwisho ili friji ipoe haraka. Kufanya hivyo kwa saa moja si kosa kubwa. Kosa ni kukisahau hapo. Joto lilikuwa linasomwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, lakini Jumamosi na Jumapili stoo ilifungwa na hakuna aliyesoma.

Jumatatu asubuhi Mama Stoo alifungua friji akakuta kipimajoto kinasoma nyuzi 2 chini ya sifuri, na alama ya kiwango cha chini kabisa ikionyesha 4 chini ya sifuri. Chupa 36 za insulini zilikuwa zimeganda, nyingine zikianza kuyeyuka. Aliandika kiwango hicho kwenye jedwali la joto kama kilivyo, na pembeni akaongeza: kisahani kimekutwa mwisho. Alizitoa chupa zote, akazitia kwenye boksi, akalifunga kwa gundi ya karatasi na kuandika ZISITUMIKE.

Muuguzi mmoja wa wodi alikuja kuchukua insulini yake ya asubuhi. Akaitazama chupa iliyokwisha kuyeyuka kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Mbona iko sawa tu? Haina hata vumbi." Na kweli ilikuwa inang'aa kama maji. Hilo ndilo linaloifanya insulini iliyoganda kuwa hatari. Macho hayawezi kuihukumu. Inaweza kuonekana nzima kabisa na nguvu yake imekwisha kupungua, mgonjwa akajidunga kipimo chake cha kila siku na sukari ikaendelea kupanda. Ushahidi pekee ni kile kipimajoto na mtu aliyekubali kuandika alichokiona. Mama Stoo alikataa kuitoa. Muuguzi alipandisha sauti, akatishia kwenda kwa daktari, na akaenda. Insulini ya siku hiyo iliazimwa kutoka hospitali nyingine, gari likatumwa.

Wiki mbili baadaye Mama Stoo alipewa barua ya onyo. Jina lake ndilo lililokuwa kwenye jedwali kama msimamizi wa friji, na chupa 36 ni hasara. Nakala iliwekwa kwenye faili lake.

Aliyekizungusha kisahani siku ile ya Ijumaa alikuwa Mzee. Alitaka kukirudisha kabla ya kuondoka, akaitwa wodini, kutoka huko akaitwa nyumbani kwenye msiba, akaondoka. Jumatatu alipoona jedwali alielewa mara moja. Hakusema. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na ushee kustaafu, na alijiambia kwamba onyo la kwanza halimfukuzi mtu, mambo yatapita. Yalipita kweli. Hata barua ile ya "mchapakazi na mwaminifu" aliyoiandika mwaka uliofuata, pengine ilikuwa na kitu cha kufunika ndani yake.

Mama Stoo naye alijua. Funguo za stoo zilikuwa mbili. Hakuwahi kumuuliza.

"Hilo la friji tuliache, Mzee," akasema sasa. "Sema tu kwamba nilikuwa nasoma joto asubuhi na jioni. Inatosha."

"Kwenye faili lako kuna nini?"

Hakujibu.

"Watapiga simu kwangu, halafu watapiga hospitalini kwa ofisa utumishi. Atafungua faili. Ataona onyo la uzembe wa friji, kwa mtu anayeomba kazi ya kutunza friji. Mimi nitakuwa nimesema alisoma joto asubuhi na jioni. Wataamini nani?"

"Lakini ukiandika, watajua zimeharibika mikononi mwangu. Bila kuandika huenda wasiulize."

Hofu yake ilikuwa na msingi. Watu wengi wangeshauri kama alivyotaka yeye, kwamba barua ya mapendekezo si mahali pa kufungua vidonda. Na kwa kawaida wako sahihi. Mdhamini hana wajibu wa kuorodhesha kila kosa. Ila hapa kidonda kilikuwa kimekaa juu kabisa ya jukumu la pili la kazi yenyewe, na mtu pekee aliyeweza kukieleza vizuri ndiye aliyekisababisha. Tena, ukiondoa aibu ya Mzee, tukio lile lilikuwa ushahidi mzuri kuliko wote aliokuwa nao Mama Stoo. Mtu aliyeandika kiwango kibaya kwenye jedwali lenye jina lake, akakataa kutoa dawa iliyoonekana nzima huku akifokewa, ndiye hasa anayetafutwa na ghala la dawa. Bila friji kuharibika, uhodari huo usingeonekana.

Bibi, aliyekuwa amekaa mlangoni anachambua mchele, hakuwa amelisikia jambo hilo hata siku moja. Aliacha kuchambua. "Kwa hiyo huyu mtoto amebeba onyo lako miaka yote hii?" akauliza. Mzee hakumjibu mkewe. Akavuta karatasi.

Aliandika kwa mkono kwanza. Kichwa cha barua kilimsumbua kidogo. Mama Stoo alikuwa na karatasi mbili za zamani zenye nembo ya hospitali, alizozihifadhi, akadhani zingeipa barua uzito. Mzee akazikataa. Aliyestaafu hasemi kwa niaba ya ofisi aliyoiacha. Akitumia nembo yake, anayepokea anaweza kudhani ni msimamo wa hospitali, na hospitali ikikana, barua nzima inaanguka. Aliweka anwani yake ya Muheza na namba yake ya simu, akaiandikia kwa meneja wa shirika lile, si kwa yeyote anayehusika, na akataja jina la kazi na namba ya tangazo. Baada ya maamkizi, barua ikaendelea hivi:

"Nilikuwa mkuu wa idara ya famasi katika hospitali iliyotajwa kwenye wasifu wa mwombaji. Nilimsimamia moja kwa moja kuanzia Februari 2013 hadi nilipostaafu Juni 2019. Yaliyotokea baada ya hapo siyajui, na naomba muulize hospitali.

"Kuhusu kuhesabu na kuzuia dawa kuisha muda: aliwahi kukuta maboksi 60 ya amoksilini yenye miezi minne iliyobaki, wakati matumizi yetu yalikuwa 8 kwa mwezi. Alinionyesha kwa maandishi kwamba 28 yatabaki, akapendekeza yapelekwe zahanati mbili. Tulifanya hivyo na hakuna lililoteketezwa.

"Kuhusu dawa za baridi: kwenye faili lake mtakuta barua ya onyo ya mwaka 2018 kwa chupa 36 za insulini zilizoganda. Aliyeongeza baridi ya friji Ijumaa ile na kusahau kuirudisha ni mimi, na sikulisema wakati huo. Yeye ndiye aliyegundua Jumatatu, akaandika kiwango halisi kwenye jedwali lenye jina lake, akatenga chupa zote na kukataa kuzitoa wodini ingawa kwa macho zilionekana nzima. Nilikuwepo alipokataa.

"Kuhusu kompyuta: stoo yetu haikuwa nayo, kwa hiyo siwezi kusema lolote. Kadi na leja za mkono alizitunza vizuri.

"Kama ningekuwa bado kazini ningemwajiri tena kwenye kazi hii hii."

Ilikuwa ukurasa mmoja, na nafasi ikabaki. Sifa tatu zenye alama ya vema zilikuwa zimeingia. Ile yenye mstari, ya kushirikiana na idara nyingine, Mzee aliiacha kabisa. Aliona kwamba kisa cha muuguzi kinaisema vya kutosha, na hakutaka kukirefusha. Kitu ambacho angeweza kuongeza ni pale alipoandika "vizuri" juu ya kadi na leja. Neno lile halina hesabu nyuma yake, na kwa barua iliyojitahidi hivyo kwingine, hapo aliteleza kidogo.

Mama Stoo aliisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye aya ya friji alirudi mwanzo wake akaisoma tena, kisha akaketi. "Asante, Baba," akasema. Siku zote alikuwa akimwita Mzee.

"Usinishukuru. Nimechelewa."

Asubuhi walikwenda pamoja mjini Muheza kuipiga chapa. Kijana wa steshenari ya huko alipendekeza wageuze aya ile ya tatu, akisema haijakaa kibiashara. Mzee akamwambia apige kama ilivyo. Akasaini kwa wino wa buluu, wakaipiga picha, wakaituma kwa baruapepe pamoja na vyeti vingine, na nakala ngumu Mama Stoo akaiweka kwenye bahasha ya kaki.

Nakala nyingine mbili zilibaki kwa Mzee.

Simu kutoka Dodoma ilikuja baada ya wiki tatu, Mzee akiwa shambani juu ya ngazi. Mwanamke mwenye sauti ya upole alijitambulisha, akamuuliza maswali manne. La kwanza lilikuwa kama kweli ni yeye aliyeandika barua. La pili, zile zahanati zilikuwa umbali gani. La tatu, kwa nini hakusema mwaka 2018. Mzee alijibu kwamba aliogopa, na upande wa pili pakawa kimya kidogo kabla ya swali la nne, lililohusu iwapo Mama Stoo anaweza kuongoza vijana wawili wa kubeba mizigo. Hilo akasema halijui, hakuwahi kumpa watu wa kuwaongoza.

Mama Stoo aliitwa kwenye usaili. Walimpa jaribio la kompyuta na alipata alama za wastani. Wakamwekea kadi ya stoo yenye makosa ya kupanga, akayakuta yote isipokuwa moja. Aliajiriwa kwa miezi sita ya matazamio, na siku ya kwanza, alipokuwa akionyeshwa chumba cha baridi, aliuliza ni nani anayesoma kipimajoto siku za Jumapili.

Zile nakala mbili, moja Mzee aliiweka kwenye sanduku la nyaraka zake. Ya pili aliipeleka mwenyewe hospitalini, safari ya basi ya siku nzima kwa mtu wa umri wake. Ofisa utumishi alikuwa mgeni, hakumfahamu. Alimsikiliza, akaleta faili, akalifungua mahali palipokuwa na barua ya onyo, na Mzee akamwomba atoboe karatasi mpya na kuifunga juu yake mbele ya macho yake. Ofisa akagonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akaandika tarehe, akamuuliza kama anataka risiti.

Mzee akasema anaitaka.